Bapa Juu au Bapa Chini? Hesabu Inayoamua Nguvu ya Boriti ya T

Chukua kipande cha chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, chenye umbo la herufi T. Kilaze juu ya mihimili miwili, bapa likiwa juu na shina likielekea chini, kisha ukipakie mzigo katikati hadi kivunjike. Sasa chukua pacha wake, kilichotoka kalibu ileile, ukigeuze kichwa chini miguu juu: bapa liwe chini, shina lisimame juu. Chuma ni kilekile na uzito ni uleule, lakini cha pili kitabeba mzigo mkubwa zaidi kwa mbali. Kwa vipimo tutakavyotumia hapa, hesabu inasema ni mara mbili.

Tofauti hiyo haitoki kwenye chuma. Inatoka mahali ulipo mstari mmoja usioonekana ndani ya boriti, na umbali kutoka mstari huo hadi ukingo wa juu na ukingo wa chini.

Upande unaovutwa na upande unaobanwa

Boriti iliyoegemezwa ncha zote mbili ikilemewa katikati, inabonyea. Ukichora mistari wima ya kalamu ubavuni mwa soli nene ya kandambili, kisha ukaipinda soli hiyo ibonyee katikati, utaona jambo lenyewe: mistari inasogeleana upande wa juu na kuachana upande wa chini. Juu mpira umebanwa ukafupika. Chini umevutwa ukarefuka. Mistari yenyewe lakini imebaki imenyooka, imeinama tu.

Kunyooka huko ndiko msingi wa hesabu yote. Kama mistari imebaki imenyooka, basi kurefuka na kufupika kunaongezeka kwa ulinganifu kadiri unavyokwenda mbali na sehemu ya kati. Na kwa kuwa chuma, kabla hakijazidiwa, hujibu kwa nguvu inayolingana na kiasi kilichorefushwa, mkazo nao unakua vivyo hivyo. Ukingo wa chini kabisa una mkazo mkubwa kuliko wote wa kuvuta. Ukingo wa juu kabisa una mkazo mkubwa kuliko wote wa kubana. Baina yao lazima kuwe na mahali ambapo chuma hakivutwi wala hakibanwi. Mahali hapo tutapaita mstari tulivu.

Watu wa kale walihangaika sana kuupata mstari huo. Galileo, katika kitabu chake cha mwaka 1638, alichukua boriti iliyochomekwa ukutani na kudhani kwamba ikivunjika inageukia kwenye ukingo wake wa chini, na kwamba unene wote ulio juu ya ukingo huo unavutwa kwa nguvu sawa. Kwa maneno mengine, aliuweka mstari tulivu pembeni kabisa. Mfaransa Antoine Parent aliwahi kuukaribia ukweli mwaka 1713, Coulomb akaueleza vizuri mwaka 1773, na Navier, Mfaransa mwingine, akauweka wazi katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1826: maadamu chuma hakijazidiwa, mstari tulivu unapita kwenye kitovu cha eneo la mkato wa boriti.

Sababu yake si ngumu. Mzigo unasukuma boriti kwenda chini, hauivuti kuelekea pembeni. Kwa hiyo jumla ya nguvu zote za kuvuta ndani ya mkato lazima ilingane na jumla ya nguvu zote za kubana, la sivyo boriti ingeteleza upande mmoja. Usawa huo unapatikana pale tu mstari unapopita kwenye kitovu.

Kuutafuta mstari

Boriti yenye mkato wa mstatili haina taabu. Kitovu chake kiko nusu ya kimo, hivyo ukingo wa juu na wa chini viko umbali sawa, na mikazo yake ni sawa. T ni kitu kingine, maana chuma chake kingi kimekusanyika upande mmoja.

Tuchukue T yenye bapa la upana wa milimita 100 na unene wa milimita 20. Chini ya bapa kuna shina la unene wa milimita 20 na kimo cha milimita 100. Kimo chote basi ni milimita 120. Kwanza tunaligawa umbo katika mistatili miwili, kisha tunachagua ukingo mmoja wa kupimia. Tuchague ukingo wa chini wa shina, na tusiuhame hadi mwisho. Wanaopima kipande kimoja kutoka chini na kingine kutoka juu hawapati jibu.

Shina lina eneo la milimita mraba 2,000, na katikati yake iko milimita 50 kutoka chini. Bapa nalo lina eneo la milimita mraba 2,000, na katikati yake iko milimita 110 kutoka chini. Kila eneo tunalizidisha kwa umbali wake, tunajumlisha, kisha tunagawa kwa eneo lote:

(2,000 × 50 + 2,000 × 110) ÷ 4,000 = 80

Mstari tulivu uko milimita 80 kutoka ukingo wa shina. Kwa kuwa kimo chote ni milimita 120, uko milimita 40 tu kutoka uso wa bapa. Umevutwa kuelekea kwenye chuma kingi, nao ukingo mwembamba wa shina umeachwa mbali, mara mbili ya umbali wa bapa. Hapo tayari tumeshajua jambo kubwa bila kutaja mzigo wowote: boriti hii ikipindwa, ukingo wa shina utapata mkazo mara mbili ya uso wa bapa, uwe mkazo wa kuvuta au wa kubana.

Kutoka mzigo hadi mkazo

Sasa tuulete mzigo. Boriti yetu iegemezwe kwenye ncha mbili zilizo umbali wa mita 2, na katikati itundikwe kitu cha takriban kilo 400, yaani nyutoni 4,000. Uzito wa boriti yenyewe tuuache kando ili hesabu isijae. Kila egemeo linabeba nyutoni 2,000, na katikati, mita 1 kutoka kwenye egemeo, momenti ya kupinda ni 2,000 × 1, yaani nyutoni mita 2,000. Kwa kuwa vipimo vyetu ni vya milimita, tuiandike nyutoni milimita 2,000,000.

Tunahitaji namba moja zaidi: ile inayoonyesha jinsi umbo la mkato linavyokataa kupindwa. Wahandisi huiita momenti ya pili ya eneo na kuiandika kwa herufi I. Kwa kila mstatili tunachukua upana mara kimo kwa kipeo cha tatu, tunagawa kwa 12, kisha tunaongeza eneo lake lililozidishwa kwa mraba wa umbali kati ya katikati yake na mstari tulivu. Hapa umbali huo ni milimita 30 kwa mistatili yote miwili, maana 110 kutoa 80 ni 30, na 80 kutoa 50 ni 30.

Bapa: 100 × 20³ ÷ 12 + 2,000 × 30² = 66,667 + 1,800,000
Shina: 20 × 100³ ÷ 12 + 2,000 × 30² = 1,666,667 + 1,800,000

Jumla ni kama 5,333,000. Tazama bapa kwa makini: sehemu yake ya kwanza, ile inayotokana na unene wake wenyewe, ni ndogo mno ikilinganishwa na ya pili inayotokana na umbali. Bapa linasaidia kwa sababu liko mbali na mstari, si kwa sababu ni nene.

Mkazo kwenye umbali wowote y kutoka mstari tulivu unapatikana hivi:

mkazo = M × y ÷ I

Tukiweka namba zetu, kila milimita ya umbali inaleta mkazo wa nyutoni 0.375 kwa milimita mraba. Bapa likiwa juu, ukingo wa chini wa shina, ulio milimita 80 kutoka mstarini, unavutwa kwa nyutoni 30 kwa milimita mraba. Uso wa juu wa bapa, ulio milimita 40, unabanwa kwa nyutoni 15.

Namna ya kuhakikisha kwamba hatukukosea ni kurudi kwenye sharti la usawa. Chini ya mstari tulivu kuna shina la unene wa milimita 20 na urefu wa milimita 80, ambamo mkazo unapanda kutoka sifuri hadi 30, wastani 15. Nguvu ya kuvuta ni 15 × 20 × 80, yaani nyutoni 24,000. Juu ya mstari kuna kipande cha shina cha milimita 20 chenye mkazo wa wastani wa 3.75, kinacholeta nyutoni 1,500. Na bapa lenye mkazo wa wastani wa 11.25, linaloleta nyutoni 22,500. Jumla ni nyutoni 24,000. Mvuto na mbano vimelingana, kwa hiyo mstari uko mahali pake.

Mtu aliyezoea mistatili angeweka mstari nusu ya kimo, milimita 60 kutoka kila upande. Hata akiwa na I sahihi, angepata mkazo wa 22.5 juu na chini. Kwa upande wa bapa angekuwa amezidisha, wala hakuna madhara. Kwa upande wa shina angekuwa amepunguza robo nzima ya mkazo halisi, na hapo ndipo boriti inapovunjikia.

Alichokiona Hodgkinson

Je, kuna ubaya gani shina likipata 30 na bapa 15? Jibu linategemea kitu boriti ilichotengenezwa. Chuma cha pua cha kawaida kinastahimili kuvutwa na kubanwa kwa kiwango kilekile. Ukigeuza T ya chuma cha pua, ile 30 inahama kutoka upande wa kuvutwa kwenda upande wa kubanwa, na nguvu yake inabaki karibu ileile. Tahadhari iko kwingine: shina jembamba lililobanwa linaweza kukwepa kwa kujikunja ubavuni kabla mkazo haujafika kiwango chake.

Chuma cha kusubu ni habari nyingine. Ndani yake kaboni imejitenga katika vipande vyembamba mithili ya majani, na kinapovutwa kila kimoja kinakuwa kama ufa uliokwisha kuanza. Kinapobanwa, nyufa hizo zinafungwa. Mwingereza Eaton Hodgkinson aliyapima haya kwa kuvunja boriti nyingi katika karakana ya William Fairbairn mjini Manchester, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1831. Alikuta kwamba chuma cha kusubu kinastahimili kubanwa takriban mara 6 kuliko kuvutwa. Kabla yake, Thomas Tredgold, ambaye kitabu chake kilitumiwa sana na wahandisi, alikuwa ameshauri boriti zenye bapa sawa juu na chini, akidhani nguvu hizo mbili ni sawa. Hodgkinson alipendekeza bapa la chini liwe na eneo takriban mara 6 ya la juu.

Tuirudie T yetu tukiwa na ujuzi huo. Tuseme tumejiwekea kwamba chuma chetu kisivutwe zaidi ya nyutoni 30 kwa milimita mraba. Bapa likiwa juu, kilo 400 zimeshatufikisha kikomo. Tukiligeuza, ukingo wa chini unaovutwa sasa ni uso wa bapa, wenye mkazo wa 15 tu. Mkazo wa 30 umehamia juu, kwenye shina linalobanwa, na mbano wa 30 ni jambo dogo kwa chuma cha kusubu. Tunaweza kupakia kilo 800 ndipo mvuto ufike 30, huku shina likibanwa kwa 60.

Momenti inapogeuka

Hapo msomaji anaweza kushika kanuni rahisi: bapa chini, basi. Kanuni hiyo inatosha kwa boriti iliyoegemezwa ncha mbili tu. Boriti ikichomoza nje ya egemeo, mambo yanageuka.

Tuirefushe boriti yetu, bapa likiwa chini, ichomoze sentimita 60 kupita egemeo la kulia, na kwenye ncha hiyo tutundike kilo 200, yaani nyutoni 2,000. Zile kilo 400 zibaki katikati. Juu ya egemeo la kulia momenti ni 2,000 × 600, yaani nyutoni milimita 1,200,000, lakini imegeuka: boriti hapo haibonyei, inatuna. Upande wa juu unavutwa, wa chini unabanwa. Mzigo wa nje, kwa kuinua kidogo, unapunguza pia momenti ya katikati kutoka 2,000,000 hadi 1,400,000.

Wengi wangetazama momenti kubwa kuliko zote, wangekokotoa mkazo wa katikati, na kuishia hapo. Katikati uso wa bapa unavutwa kwa 10.5. Lakini juu ya egemeo kinachovutwa ni ukingo wa shina, ulio milimita 80 kutoka mstarini: 1,200,000 × 80 ÷ 5,333,000, yaani 18. Momenti ndogo imeleta mvuto mkubwa. Katika T, kwa hiyo, kuna mikazo minne ya kuangalia: wa juu na wa chini mahali boriti inapobonyea zaidi, na wa juu na wa chini mahali inapotuna zaidi.

Kuna mtego mwingine nyuma ya huo. Mzigo wa nje ulipunguza momenti ya katikati, na inashawishi kuufurahia. Lakini mzigo unaokuja na kuondoka hauaminiki kwa msaada. Zile kilo 200 zikiondoka, katikati inarudi 2,000,000. Bapa likiwa chini, mvuto wa katikati unakuwa 15, bado chini ya 18. Bapa likiwa juu, unakuwa 30. Ndiyo maana kila mzigo huhesabiwa ukiwepo na ukiwa haupo, kisha huchukuliwa jibu baya kuliko yote. Kwa mpango huu bapa chini bado linashinda, 18 dhidi ya 30, ila si kwa tofauti ya mara mbili tena.

T iliyojificha ghorofani

Boriti za T za chuma cha kusubu hazijengwi tena, lakini umbo lenyewe liko kwenye karibu kila ghorofa la zege. Boriti inapomwagwa pamoja na slabu iliyo juu yake, slabu inakuwa bapa na boriti inakuwa shina. Zege nalo, kama chuma cha kusubu, ni hodari wa kubanwa na dhaifu wa kuvutwa. Nguvu yake ya kuvutwa ni kama sehemu moja ya kumi tu. Hesabu yetu haihamishwi humo kama ilivyo, kwa sababu zege linalovutwa hupata nyufa ndogo mapema, na kuanzia hapo mvuto unabebwa na nondo, huku mstari tulivu ukisogea kuelekea upande unaobanwa. Kinachohama bila kubadilika ni swali lenyewe: upande gani unavutwa?

Katikati ya chumba boriti inabonyea, kwa hiyo nondo kuu hukaa chini. Juu ya nguzo, boriti inayoendelea kwenda chumba cha pili inatuna, kwa hiyo nondo kuu hukaa juu. Kibaraza kinachoning'inia nje ya ukuta kinavutwa juu kwa urefu wake wote. Hapo ndipo kosa moja la saiti linapoleta hatari: mafundi wanaomwaga zege wanatembea juu ya nondo za juu, nondo zinashuka, na zege likishakauka hakuna anayeona kwamba chuma kimekaa upande unaobanwa. Zikishuka sentimita chache tu katika kibaraza chembamba, sehemu kubwa ya nguvu imepotea. Kinga yake ni viti vya nondo vilivyo imara na mbao za kupitia watu, na msimamizi anayepima kina cha nondo kabla ya zege kumwagwa.

Hesabu inapokoma

Kanuni ya M × y ÷ I inadhani chuma ni kizima, hakijazidiwa, na boriti haijikunji ubavuni. Tarehe 24 Mei 1847, daraja la reli juu ya Mto Dee, mjini Chester nchini Uingereza, lilivunjika treni ikipita, na watu 5 wakafa. Boriti zake za chuma cha kusubu, zilizobuniwa na Robert Stephenson, zilikuwa na bapa kubwa upande wa chini, kama Hodgkinson alivyofundisha. Wataalamu wanabishana hadi leo kama ziliponzwa na ufa uliokua kwa kupitiwa na treni mara kwa mara, au kwa kujipinda ubavuni. Mwaka huohuo iliundwa tume ya kuchunguza matumizi ya chuma kwenye reli, na Hodgkinson mwenyewe alikuwa mjumbe wake.

Kwa mtu asiyekokotoa, mahali ulipo mstari tulivu panaweza kusomwa kwenye nyufa, kwa kuwa nyufa za kupinda hufunguka upande unaovutwa. Nyufa nyembamba kama nywele, zilizo wima chini ya boriti ya zege katikati ya chumba, ni jambo la kawaida, maana humo nondo zinafanya kazi. Ufa wa juu ya kibaraza, unaokwenda sambamba na ukuta pale kinapochomozea, tena unaozidi kupanuka, unaonyesha kwamba nondo za juu zimezidiwa au hazipo zinapotakiwa. Huo haufai kuzibwa kwa saruji na kupakwa rangi. Watu waondoke juu ya kibaraza na chini yake, kiwekewe miega, ndipo aitwe mhandisi.